Topetope gumu, stafeli jeusi: kusoma ngozi ya tunda kabla ya kulichuma na kabla ya kulipasua

Malalamiko mengi kuhusu matunda haya mawili yanatoka sehemu moja. Mtu anachanganya kupevuka na kuiva. Tunda lililopevuka limemaliza kukua, lina mbegu ngumu na akiba ya wanga ya kutosha, lakini bado ni gumu kama jiwe. Tunda lililoiva ni lile lile siku chache baadaye, wanga umegeuka sukari na nyama imelainika. Topetope na stafeli yote mawili huweza kuiva yakiwa yamekwisha kuchumwa, mradi yamechumwa yamepevuka. Likichumwa changa, hata ulivundike vipi, halitaiva. Litaviza tu.

Kwa hiyo ngozi inatakiwa kujibu maswali mawili tofauti, na kila swali lina alama zake. Swali la kwanza linaulizwa mtini: limepevuka? Hilo linajibiwa na rangi iliyo kati ya vinundu kwa topetope, na nafasi kati ya vimiiba kwa stafeli. Swali la pili linaulizwa jikoni: limeiva? Hilo linajibiwa na ulaini. Ukitumia ulaini kuamua siku ya kuchuma utachelewa, na ukitumia rangi kuamua saa ya kula utapasua tunda gumu. Unga mweupe ulio juu ya ngozi haujibu swali hata moja kati ya hayo, ingawa watu wengi huutegemea. Una kazi yake nyingine, nitaufikia.

Ninaposema topetope ni lile dogo la mviringo lenye vinundu vilivyojitokeza kama magamba, ambalo wengine huliita tomoko. Stafeli ni lile kubwa la kijani lenye vimiiba laini na nyama nyeupe yenye ukali wa ndimu. Kuna pia ndugu wao wenye ngozi karibu laini, isiyo na vinundu wala mifereji ya wazi. Kwa hao alama ya mifereji haifanyi kazi, wao husomwa kwa ngozi nzima kupauka au kugeuka manjano. Hapa nashughulika na hayo mawili ya kwanza.

Topetope limekaa wiki nzima, bado gumu, sasa linakuwa jeusi

Hili ndilo tatizo la kwanza kwa wingi, na sababu yake karibu kila mara ni moja: lilichumwa kabla ya kupevuka. Kwa nje huanza kwa kusinyaa karibu na kikonyo, kisha vinundu vinapoteza kijani chake na kuwa hudhurungi, mwisho tunda zima linakuwa jeusi, jepesi, gumu. Halinuki vizuri wala vibaya.

Ukitaka uhakika, likate. Tazama mbegu. Topetope lililopevuka lina mbegu nyeusi au hudhurungi iliyokolea, inayong'aa, ngumu kwa ukucha. Mbegu ikiwa nyeupe, ya rangi ya majani makavu, au ukucha ukizama ndani yake, tunda hilo lilitoka mtini mapema mno. Nyama yake itakuwa nyeupe kavu, imeshikamana, na ukiionja inakwaruza ulimi. Hakuna cha kuliokoa. Ndizi mbivu ukiiweka pembeni yake hutoa gesi inayoharakisha kuiva, lakini gesi hiyo inaamsha tunda lililo tayari. Kwa tunda changa inaharakisha kusinyaa tu.

Basi mtini utatazama wapi? Tazama mifereji, ile mistari inayotenganisha kinundu na kinundu. Topetope changa lina vinundu vilivyobanana. Mfereji kati yao ni mwembamba, una kina, na rangi yake ni ya kijani ile ile ya vinundu, pengine iliyokolea zaidi. Tunda linapokaribia kupevuka, vinundu vinavimba na kulala, pembe zake zinapungua ukali, na mifereji inafunguka. Ngozi mpya inayojitokeza chini ya mfereji haina kijani cha kutosha, kwa hiyo unaona rangi ya maziwa yaliyoganda, ya krimu, au manjano hafifu. Kwa aina zenye ngozi nyekundu au zambarau mstari huo huelekea kuwa wa waridi. Hiyo ndiyo alama ya kuchuma.

Simama upande wenye kivuli unapotazama. Jua kali likipiga moja kwa moja, kila mfereji unaonekana mweupe kwa sababu ya mng'ao wa nta, na utajidanganya. Mimi huinua tunda kwa kiganja bila kulivuta, nikalizungusha taratibu, nikatazama pande zote, kwa sababu mifereji haifunguki yote kwa siku moja. Upande mmoja huweza kuwa wa krimu huku mwingine bado umebana. Nusu ya tunda ikishafunguka nachuma. Nusu ile nyingine itamalizia nyumbani.

Siku moja nilitaka kujua kwa macho yangu tofauti hiyo ina uzito gani, nikachuma matopetope 9 kutoka mti mmoja, asubuhi moja. Matatu yalikuwa na mifereji iliyobana, ya kijani. Matatu yalikuwa yamefunguka upande mmoja tu. Matatu yalikuwa na mstari wa krimu kuzunguka tunda zima, upana wake kama unene wa njiti ya kiberiti. Niliyapanga kwenye meza kwa safu moja, juu ya gazeti, mbali na jua, kila kundi na alama yake, nikawa nayatomasa kila asubuhi.

Kundi la krimu lilianza kubonyea siku ya 2. Siku ya 3 yote matatu yalikuwa tayari, na moja liliachia vinundu viwili mkononi mwangu nilipoliinua. Kundi la upande mmoja lilichukua siku 4 kwa mawili na siku 5 kwa la tatu, na kusema kweli haya ndiyo yaliyokuwa mazuri kuliko yote, kwa sababu nyama ilikuwa bado inashikika kwenye kijiko. Kundi la mifereji iliyobana ndilo lililonifunza. Siku ya 8 mawili yalikuwa magumu, yamesinyaa, weusi umeanza kwenye kikonyo. La tatu lililainika, nikafurahi, nikalipasua. Ndani lilikuwa na maji maji, sukari kidogo sana, na mbegu za hudhurungi hafifu. Lililainika kwa kuchoka, si kwa kuiva. Tangu siku hiyo ulaini peke yake haunitoshi. Nauliza pia lilichumwa likiwa na mstari gani.

Mifereji ni myeupe kabisa, lakini tunda haliivi

Hapa weupe unaouona si wa ngozi. Una vitu viwili vya kushuku.

Cha kwanza ni ule unga mweupe wa kawaida. Topetope hutoa nta nyembamba juu ya ngozi yake, ikionekana kama mtu amelipaka vumbi la chaki au kama ukungu wa asubuhi kwenye kioo. Nta hii hujikusanya zaidi kwenye mifereji kwa sababu huko haiguswi na majani wala mikono. Kwa mbali mfereji wenye unga mwingi na mfereji uliofunguka vinafanana. Dawa yake ni kidole. Pitisha ncha ya kidole kwenye mfereji mmoja, mara moja, bila kukandamiza. Ukiona kijani chini ya unga, tunda halijafunguka. Ukiona krimu au manjano, umepata jibu. Fanya hivyo mahali pamoja tu, usilifute tunda zima.

Cha pili ni vidung'ata, wale wadudu wadogo wenye manyoya kama pamba. Hupenda sana mifereji ya topetope, kwani humo wanajificha na kunyonya utomvu. Unga wa tunda ni laini, umeenea sawasawa, na ukiufuta unabaki kama poda kavu kwenye kidole. Vidung'ata wako kwa mafungu, mfereji mmoja umejaa na wa pili hauna kitu, na ukiwakanda wanaacha ute. Kuna dalili nyingine mbili zisizokosea. Sisimizi wanapanda na kushuka kwenye kikonyo, kwa sababu wanafuata maji matamu ya wadudu hao. Na ngozi inanata, kisha inashika ukungu mweusi kama masizi. Tunda la namna hiyo lisome upande usio na wadudu, au lioshe kwa maji na brashi laini ya meno ndipo utazame rangi. Masizi yakiwa juu juu, nyama ya ndani kwa kawaida ni nzima. Lakini mdudu akiwa amenyonya tangu tunda likiwa dogo, upande huo hudumaa, vinundu vyake haviumuki, na hutauona mstari wa krimu hapo hata siku ya mwisho. Usiusubiri.

Unga umetoweka, ngozi ina mabaka ya kung'aa

Watu huniambia topetope lenye unga mwingi ndilo limeiva, na lisilo na unga ni bichi. Si kweli. Unga upo tangu tunda likiwa bado linakua, na mvua moja kubwa huweza kuuosha kwenye mti mzima. Nimechuma matunda mazuri kabisa yasiyo na chembe ya unga baada ya wiki ya mvua.

Unachoweza kuusoma unga ni historia ya mikono. Tunda lililochumwa vizuri na kubebwa vizuri lina unga uliotulia. Tunda lenye alama za vidole gumba zinazong'aa, hasa mbili tatu mahali pamoja, limetomaswa na watu. Hapo ndipo pa kuwa mwangalifu, kwa maana nyama ya topetope iliyoanza kulainika huchubuka chini ya ngozi bila ngozi kuonyesha jeraha. Alama ya dole gumba ya leo ni doa la hudhurungi la kesho, na ukilipasua utakuta nyama ya hapo imegeuka rojorojo yenye ladha ya uchachu huku pande zingine ziko sawa.

Kwa sababu hiyo mimi silibonyezi topetope kwa ncha ya kidole. Naliweka kwenye kiganja, vidole vyote vitano vinalizunguka, nalibana kidogo kama mtu anayeshika yai. Tunda gumu halitikisiki. Tunda lililoanza kuiva linakubali kidogo na kurudi. Tunda lililoiva linakubali na vinundu vinasogeleana, unahisi vinacheza kila kimoja peke yake. Ukifika hapo una siku 1, pengine 2. Kipimo kingine ni kikonyo: tunda likiwa tayari, kikonyo kinalegea, na ukilinyanyua kwa kukishika kinaweza kutoka na kukuachia tunda mezani. Usilijaribu hilo hewani.

Topetope limepasuka likiwa mtini

Mpasuko unaofuata mifereji, wenye krimu pande zote mbili, maana yake umechelewa kuchuma. Vinundu vya topetope vinaachana vyenyewe tunda linapoiva, na juu ya mti hakuna cha kuvishikilia. Likiwa limepasuka asubuhi ile na hakuna wadudu ndani, lile siku hiyo hiyo. Likiwa na harufu ya pombe, liache.

Mpasuko unaokata vinundu katikati, kwenye tunda lenye mifereji ya kijani bado, ni habari nyingine: mara nyingi maji mengi yamekuja ghafla baada ya ukame, nyama ikavimba kuliko ngozi. Hilo halijapevuka na halitaiva. Litoe mtini lisikaribishe nzi.

Stafeli ni la kijani tu, sijui lini nichume

Stafeli halina mstari wa krimu wala halina unga wa kutegemea. Anayelisubiri ligeuke manjano kama embe atalikuta chini, limepasuka, popo wamekwisha kula nusu. Tunda ni zito, kilo 1 ni dogo na yako yanayopita kilo 4, na likiiva mtini kikonyo hakilishiki.

Tazama mng'ao kwanza. Stafeli changa lina kijani kilichokolea kinachong'aa, kama limepakwa mafuta. Linapopevuka mng'ao huo unazimika, kijani kinapauka, na ukilitazama kwa kivuli unaona umanjano hafifu chini yake. Badiliko hili ni dogo, na kwa mtu anayelitazama tunda lile lile kila siku ni vigumu kuliona. Linganisha na tunda dogo lililo kwenye mti huo huo. Tofauti itaonekana papo hapo.

Kisha tazama vimiiba. Hapa ndipo stafeli linaposema wazi. Likiwa changa, vimiiba vimesongamana, vimesimama, vimepinda ncha, na ukipitisha kiganja vinakwaruza. Ngozi iliyo kati ya kimwiba na kimwiba haionekani vizuri. Tunda linapovimba, ngozi inatanuka na vimiiba vinaachana. Nafasi kati yao inakuwa pana, ngozi inakuwa nyororo na kutuna. Vimiiba vyenyewe vinalegea. Kivute kimoja kwa kidole: cha tunda changa hupinda na kurudi, cha tunda lililopevuka hukatika ncha kirahisi. Ncha zingine huwa tayari zimekauka na kuwa nyeusi, na hilo si ugonjwa.

Mng'ao ukiwa umezimika na vimiiba vimeachana, kata kikonyo kwa kisu au mkasi, ukiacha kipande kifupi kwenye tunda, hata kama bado ni gumu. Usilipinde wala kulinyofoa, kwani kikonyo kikinyofoka kinaacha shimo linaloingiza uozo hadi kwenye moyo wa tunda. Katika joto la nyuzi 25 hadi 30 litachukua kati ya siku 4 na 7 kulainika. Usilibebanishe na mengine. Uzito wake peke yake unatosha kuchubua upande uliolalia, basi liweke juu ya kitambaa kilichokunjwa na uligeuze kila siku.

Stafeli limelainika upande mmoja, upande wa pili mgumu

Tazama umbo lake kabla ya kulaumu uvundikaji. Stafeli ni tunda la vijitunda vingi vilivyoungana, na kila kijitunda huvimba vizuri kikiwa kimepata chavua yake. Sehemu ambayo ua halikuchavushwa hubaki imenywea, na ndiyo maana mastafeli mengi yamepinda kama figo. Upande ulionywea una vimiiba vilivyosongamana siku zote. Ukiutazama huo utaamini tunda ni changa milele.

Kwa hiyo soma upande ulionenepa, na tomasa upande ulionenepa. Upande mwembamba hautalainika sawasawa, nyama yake ni kidogo na yenye nyuzi, nao usikuzuie kulipasua tunda. Nimewahi kusubiri upande wa ndani wa tunda lililopinda mpaka upande wa nje ukachacha. Nilipoteza zaidi ya nusu kwa kusubiri vipande viwili vidogo.

Ikiwa tunda ni la umbo zuri na bado limelainika mahali pamoja tu, hasa pakiwa na ukubwa wa kiganja na ubapa kidogo, hapo liliangushwa au lililaliwa. Likate siku hiyo, ondoa sehemu iliyopondeka, na zilizobaki ngumu ziache. Hazitaiva vizuri zikiwa zimekatwa.

Ngozi ya stafeli imekuwa nyeusi. Nile au nitupe?

Swali hili linatupisha mastafeli mazuri mengi. Ngozi ya stafeli huwa nyeusi kirahisi sana. Ikichubuliwa kidogo, ikiguswa na hewa, ikipigwa na baridi, inabadilika rangi kama kipande cha tufaha kilichokatwa. Nyama nyeupe ndani huweza kuwa safi kabisa. Rangi peke yake haitoi hukumu, mpaka uiunganishe na ulaini na harufu.

Weusi uliotandaa, usio na mpaka, kwenye tunda linalobonyea sawasawa kila mahali na lenye harufu tamu yenye ukali kidogo: hilo limeiva. Lile leo.

Weusi wenye mpaka wazi, uliobonyea kama sarafu, mgumu au mkavu ukiugusa, hasa ukianzia kwenye kikonyo au kwenye jeraha: huo ni uozo wa ukungu. Kata hapo upate kuona umeingia kiasi gani. Ukiwa umekomea karibu na ngozi, ondoa sehemu hiyo kwa upana. Ukiwa umefuata moyo wa katikati, nyama iliyouzunguka itakuwa na ladha ya uvundo hata pale inapoonekana nyeupe, na mimi hiyo siili.

Weusi kwenye tunda gumu lililotoka kwenye friji ni baridi. Nalieleza hapa chini.

Na weusi ukiambatana na maji yanayotoka kwenye ngozi, povu karibu na kikonyo na harufu ya pombe au siki, limechacha.

Nilifuatilia tunda moja la kama kilo 2 kutoka siku nilipolikata. Siku ya 3 lilikuwa bado linagonga kama ubao. Siku ya 4 asubuhi lilianza kukubali kiganja, jioni lilikuwa linabonyea kama parachichi lililoiva, na harufu yake ilijaza chumba. Ngozi ilikuwa bado ya kijani kilichopauka. Nililipasua nusu usiku ule, nusu nikaiacha na ngozi yake. Siku ya 5 ngozi ya nusu ile ilikuwa hudhurungi, nyama tamu vile vile. Siku ya 6 ngozi ilikuwa nyeusi tii na nyama iliyogusana na hewa ilikuwa na uchachu. Dirisha lake la kuliwa, kwa joto lile, lilikuwa siku moja na nusu tu. Anayesubiri ngozi igeuke nyeusi ndipo ale, anafika mlango ukifungwa.

Limewekwa kwenye friji na sasa haliivi

Topetope na stafeli ni matunda ya joto. Yakiwa bado magumu, baridi ya chini ya nyuzi 13 hivi huyaumiza, nayo friji ya nyumbani iko karibu na nyuzi 4. Ngozi inakuwa nyeusi kwa mabaka, nyama inashindwa kulainika au inalainika kwa vipande, na harufu haiji. Ukilitoa siku ya 1 kuna matumaini. Baada ya siku kadhaa, kulirudisha kwenye joto huleta uozo tu.

Likiwa limekwisha kuiva, mambo yanageuka. Friji huchelewesha kuchacha na kukuongezea siku 1 au 2. Ngozi itakuwa nyeusi zaidi, na hapo huna haja ya kuogopa. Ukitaka kulihifadhi kwa muda mrefu, toa nyama, ondoa mbegu zote, gandisha. Mbegu za matunda haya zina sumu, basi zitoe kwa mkono moja moja kabla nyama haijaingia kwenye blenda. Kisu cha blenda huzivunja na kuzichanganya na juisi.

Alama zinapingana

Itatokea mstari ni wa krimu lakini tunda gumu, au ngozi imepauka lakini vimiiba vimebana. Kama tunda bado liko mtini, ipe uzito nafasi, yaani upana wa mifereji au wa vimiiba, kuliko rangi. Rangi huathiriwa na jua: upande uliopigwa na jua hupauka mapema, na tunda lililo ndani ya majani hubaki la kijani hata likiwa limepevuka. Nafasi hutokana na kuvimba kwa nyama yenyewe, nalo jua haliwezi kuiiga. Ukiwa bado na shaka na mti una matunda mengi ya umri mmoja, toa moja sadaka. Likate, tazama mbegu. Zikiwa nyeusi, yale yanayofanana nalo kwa ukubwa na nafasi unaweza kuyachuma wiki hiyo. Zikiwa za hudhurungi hafifu, rudi baada ya siku 7 hadi 10, ukate jingine.

Kama tunda limekwisha kuchumwa, sahau rangi, shika ulaini na harufu. Topetope gumu lenye mifereji ya krimu liache mezani, litomase kila asubuhi, wala usilifunike kwa plastiki maana linatoa jasho na kuota ukungu kwenye mifereji. Gazeti au mfuko wa karatasi unatosha. Stafeli linalosumbua kati ya leo na kesho, lisogeze puani upande wa kikonyo. Lisiponuka chochote, ni kesho.